Vidio Yako Ina Kigugumizi? Shida ni 25 na 30, Si Laptopu Yako

Wasee wangu, nianze na story ya aibu kwanza, ndiyo mjue hii kitu nimeisomea kwa gharama yangu mwenyewe.

Tulikuwa tumeshuti vidio ya msanii fulani Kawangware, pale karibu na stage ya 56. Kamera kubwa ilikuwa kwa stendi. Simu nikaishika mkononi, nikawa nazunguka madensa. Wimbo una dakika 3 na sekunde 20. Nikaedit usiku kucha, asubuhi nikatuma faili, nikapanda mat ya 46 kwenda tao nikijua doo ya balansi inaingia tu. Nikiwa bado Valley Road simu ikalia.

"Buda, mbona huyu densa anakaa kama ana kwikwi?"

Nikamwambia ni intaneti yake. Akaniambia ameicheki kwa laptopu, si mtandaoni. Nikafika tao, nikakaa kwa ngazi za jengo moja hapo Moi Avenue, nikafungua faili. Manze, alikuwa na haki. Klipu za kamera zilikuwa safi. Klipu za simu, kila densa akipeleka mguu kushoto, mguu unaruka. Si mara moja. Unaruka kwa mpigo, kama saa ya ukutani.

Kamera ilikuwa imerekodi fremu 25 kwa sekunde. Simu ilirekodi 30. Mimi nikazitupa zote kwa taimlaini moja ya 25 nikaachia programu ijipange. Ilijipanga kweli, lakini vile inajua yenyewe.

Hizi namba mbili zilitoka wapi

Vidio ni picha zimepangwa foleni, na kila picha tunaiita fremu. Runinga ilipoanza Kenya mwaka wa 1962, tulifuata mpango wa Ulaya. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na runinga ikakata hiyo nusu: fremu 25. Marekani umeme wao ni 60, kwa hivyo wao wakaenda 30. Baadaye, walipoingiza rangi mwaka wa 1953, waliipunguza kidogo ikawa 29.97. Hapa kwetu analogi ilizimwa mwaka wa 2015 lakini 25 haikuzimwa. Ukipeleka kazi kwa stesheni ya TV ya Nairobi, wanataka 25.

Simu nazo zimetengenezewa dunia nzima, na nyingi zinatoka dukani zikiwa zimewekwa 30. Ndiyo maana hapa Nairobi hii shida haiishi. Kamera ya kukodi iko 25, simu ya kila msee iko 30, na zote mbili zinashuti harusi ile ile.

Kwa nini picha inaruka

Chukua kipande kidogo sana cha muda, sekunde moja gawa kwa tano. Ndani ya hicho kipande simu imepiga picha 6. Taimlaini yako ya 25 ina nafasi 5 pekee. Picha moja lazima ikose kiti.

Programu ikiachwa ijiamulie, inafanya kitu rahisi. Kwa kila nafasi inatafuta picha iliyo karibu zaidi na huo muda. Inachukua ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu inaruka ya nne, inachukua ya tano na ya sita. Kwa macho yako, densa anasonga hatua moja, hatua moja, ghafla hatua mbili kwa mara moja, halafu anarudia hatua moja moja. Hiyo hatua ya kuruka inatokea mara 5 kila sekunde. Hicho ndicho kigugumizi.

Ukienda upande ule mwingine, 25 kwenda 30, ni kinyume. Nafasi ni 6 na picha ni 5, kwa hivyo picha moja inaonyeshwa mara mbili. Densa anasimama kidogo, anaendelea, anasimama kidogo, mara 5 kwa sekunde.

Kwa mtu ameketi akiongea huwezi hata kuona. Ni kwa kitu kinachosonga kwa mwendo sawa ndipo inakuchoma: kamera ikigeuka polepole, mat ikipita, miguu ya densa.

Unataka kuhakikisha? Fungua faili kwa VLC, ubonyeze `e`. Kila ukibonyeza, inasonga fremu moja. Ukipata picha mbili zinafanana kabisa, na zinarudi kila baada ya fremu 6, hiyo faili ilikuwa 25 ikalazimishwa kuwa 30. Kama hakuna picha zinazofanana lakini gari linapiga hatua ndefu kila fremu ya 5, ilikuwa 30 ikakatwa kuwa 25.

Ile njia ya mkato inayokula muda

Msee mmoja akaniambia, "Si uambie tu programu hiyo klipu ni ya 25?" Yaani usitupe picha yoyote. Zicheze zote, lakini 25 kwa sekunde badala ya 30. Kigugumizi kinaisha kabisa, kwa sababu kila picha imepata kiti chake.

Sasa piga hesabu na wimbo wetu. Dakika 3 na sekunde 20 ni sekunde 200. Simu ilipiga picha 6,000. Ukizicheza 25 kwa sekunde, zinachukua sekunde 240. Hiyo ni dakika 4 kamili. Wimbo umeisha, msanii bado anafungua mdomo sekunde 40 zaidi. Na ukivuta sauti ndiyo itoshe, isipolindwa inashuka, msanii anasikika kama amekunywa dawa ya kikohozi chupa nzima.

Upande wa pili ni hivyo hivyo. Picha 5,000 za kamera ukizicheza 30 kwa sekunde zinaisha kwa sekunde 167 hivi, yaani dakika 2 na sekunde 47. Wimbo umekatwa zaidi ya nusu dakika.

Lakini usiitupe hii njia. Klipu yoyote isiyo na mdomo unaofuata wimbo, hii ndiyo dawa bora kuliko zote. Droni juu ya Kangemi, mat ikikata kona Naivasha Road, mashabiki wakipunga mikono: zipunguze mwendo hadi asilimia 83.33 kwa taimlaini ya 25. Inakuwa slomo kidogo tu, inakaa poa, na hakuna picha imebuniwa wala kutupwa. Kwa ile vidio yetu, karibu nusu ya klipu za simu nilizitibu hivi. Muda wa vidio haukubadilika, kwa sababu nilikata kila klipu itoshe pale ilipokuwa.

Klipu za kudensi na kuimba: hapa ndipo kazi iko

Zile zingine haziwezi kuguswa mwendo. Mguu lazima ushuke na biti. Hapa hatuwezi kuchagua picha iliyo karibu, na hatuwezi kuchelewesha. Inabidi tutengeneze picha mpya, zile ambazo simu ingepiga kama ingekuwa imewekwa 25 tangu mwanzo.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuchanganya: programu inachukua picha mbili jirani na kuzilaza moja juu ya nyingine. Kwa Resolve inaitwa Frame Blend, kwa Premiere ni Frame Blending. Ni ya haraka, lakini mguu unaosonga unaonekana miwili, wa kwanza hafifu na wa pili hafifu, kama mzimu. Kwa mwendo mdogo inapita. Kwa densa, hapana.

Ya pili ni Optical Flow. Hapa programu inafuatilia kila sehemu ya picha, inaona kiatu kilikuwa hapa kisha kikaenda pale, halafu inachora kiatu mahali kingekuwa katikati. Kwa Resolve unabonyeza klipu, unaenda sehemu ya Retime Process, unachagua Optical Flow. Kwa Premiere iko kwa Time Interpolation. Usibadilishe asilimia ya mwendo. Mwendo ubaki 100.

Kama laptopu yako haiwezi kubeba hizo programu, ffmpeg ni ya bure na inafanya kazi hiyo hiyo. Lakini kabla hujafika hapo, kuna mtego mmoja wa simu ambao ulinipotezea siku nzima.

Simu inakudanganya: 30 yake si 30

Nilifikiri nimemaliza. Midomo ilikuwa sawa mwanzoni mwa wimbo, lakini kufika verse ya pili imeanza kuteleza, na mwishoni msanii anaimba sekunde moja nzima kabla sauti haijafika.

Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo thabiti. Giza likiingia au simu ikipata joto, inapunguza kidogo. Inaandika 30 lakini kwa wastani inaweza kuwa 29.8. Uliza faili yenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate,duration -of default=nw=1 simu.mp4
```

Itakupa mistari mitatu. Kama `r_frame_rate` inasema `30/1` na `avg_frame_rate` ukigawanya inakupa kitu kama 29.82, mwendo wa hiyo faili unapanda na kushuka. Hesabu ni hii: kwa sekunde 200, wastani wa 29.82 unatoa picha 5,964. Programu ikiamini ni 30 kamili, itazicheza kwa sekunde 198.8. Sekunde 1.2 zimeyeyuka, na sauti imebaki na sekunde zake 200. Ndiyo ule mdomo unaoteleza.

Ukiona `30000/1001`, hiyo ni ile 29.97 ya Marekani. Ukiichukulia kama 30 kamili unapoteza sehemu moja kwa elfu. Kwa wimbo wetu ni sekunde 0.2, na hapo tayari mdomo unaonekana umepishana na sauti kidogo. Kwa mahubiri ya saa moja ni sekunde 3.6, na hapo hata bibi ya pasta ataona.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza kabla ya yote: nyoosha mwendo wa faili ya simu, ikifuata saa iliyoandikwa ndani yake.

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy simu30.mp4
```

Sasa ina picha 6,000 kwa sekunde 200. Pale simu ilipochelewa kutapatikana picha chache zimerudiwa, lakini muda ni wa kweli na sauti haijaguswa.

Hatua ya pili, chora picha za 25:

```
ffmpeg -i simu30.mp4 -vf "minterpolate=fps=25:mi_mode=mci:mc_mode=aobmc:vsbmc=1" -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy simu25.mp4
```

Hii ni polepole, nisikudanganye. Dakika tatu za vidio zinaweza kula saa kadhaa kwa laptopu ya kawaida. Nilianza usiku nikalala, nikiombea stima isipotee. Ndiyo maana ukishajua utatumia vipande gani, kata hivyo tu kwanza, acha sekunde mbili za ziada kila upande, halafu ndiyo ubadilishe.

Hatua ya tatu, hesabu picha:

```
ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 -show_entries stream=nb_read_frames -of csv=p=0 simu25.mp4
```

Sekunde 200 mara 25 ni 5,000. Ukipata pungufu ya picha mbili tatu usishtuke, kwa sababu pale mwisho programu haina picha ya mbele ya kulinganisha. Lakini ukipata 4,970, sekunde nzima na zaidi imeenda, rudi ukague hatua ya kwanza.

Na namba ikikubali, bado usitume. Weka klipu kando ya sauti ya wimbo, cheki mdomo mwanzoni, halafu katikati, halafu mwisho kabisa. Ukikosea mwanzo na mwisho kwa kiasi kile kile, hujapanga tu vizuri, sogeza klipu. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho ukiwa mbaya, ni mwendo.

Mahali Optical Flow inachoma picha

Hii kitu inabahatisha, na kuna mahali inabahatisha vibaya. Miguu miwili ikipishana haraka, inaweza kuiunganisha kama uji. Mtu akipita mbele ya uzio wa vyuma, vyuma vinacheza. Mat yenye grafiti na taa zinazowaka na kuzima inayeyuka pembeni. Na ukibadilisha vidio ambayo tayari imeunganishwa, pale inapokatwa kwenda shoti nyingine inaweza kujaribu kumgeuza msanii kuwa ukuta. Ndiyo maana unabadilisha klipu mbichi kabla ya kuunganisha, si faili ya mwisho.

Kwa ile kazi yetu, sekunde kama nne ziligoma kabisa. Madensa wawili walikuwa wanapishana mikono na viganja vikawa na vidole kama saba. Nilichofanya ni kuikata klipu hapo, nikaweka shoti ya kamera kubwa juu yake. Kama huna shoti ya kufunika, rudisha hicho kipande pekee kwa Nearest. Kigugumizi cha sekunde moja kinasameheka kuliko vidole saba.

Umeletewa faili ambayo tayari imeharibiwa?

Hii inatokea sana. Msee ameshuti 25, edita wa kwanza akatoa faili ya 30 kwa sababu ndivyo programu ilivyokuwa imewekwa, na sasa stesheni inataka 25. Kamera haipo, klipu mbichi zilishafutwa, kadi ilirudishwa kwa mwenye kukodisha.

Usikimbilie Optical Flow. Bonyeza `e` kwa VLC kwanza. Ukiona picha iliyorudiwa kila baada ya 6, una bahati kubwa, maana picha zote 5 za ukweli bado zimo. Inatakikana tu kuitoa ile ya ziada:

```
ffmpeg -i mbaya30.mp4 -vf decimate=cycle=6 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy safi25.mp4
```

Kwa kila picha 6 inatafuta ile inayofanana zaidi na jirani yake na kuitoa. 6,000 inarudi 5,000, sekunde 200 zinabaki 200, mwendo unarudi kama siku ya kushuti. Inakubali tu kama faili inasema `30/1` na hakuna mtu aliyechanganya picha. Kama iliundwa kwa Frame Blend, ule mzimu umeshikana ndani na hautoki.

Na upande wa 25 kwenda 30? Mara nyingi jibu ni usibadilishe. YouTube inapokea 25 bila neno. Nimeona wasee wakiharibu kazi safi kwa sababu mtu amewaambia 30 ni "kali zaidi". Kama mteja anataka 30 kwa lazima, njia ni ile ile: Optical Flow kwa klipu mbichi, badilisha tu `fps=25` iwe `fps=30`.

Siku ya kushuti ndiyo bei rahisi

Nikipigiwa simu ya kazi siku hizi, swali langu la kwanza si bajeti. Nauliza kazi inaenda wapi. Kama inaenda TV, kila kitu kinawekwa 25 kabla hatujawasha spika. Kwa iPhone kuna kitufe cha Show PAL Formats ndani ya mipangilio ya kamera. Ukikiwasha, 25 inatokea. Simu ikikataa, apu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakupa 25 kwa simu inazozikubali. Kwa kamera, angalia kama iko NTSC au PAL, hasa zile za mtumba kutoka ng'ambo.

Na kama simu ya dairekta haiendi 25 kabisa, kuna ujanja wa zamani. Chezea madensa wimbo ukiwa asilimia 120 ya mwendo wake, wao wadensi haraka hivyo hivyo, wewe rekodi 30. Wimbo utaisha kwa sekunde 167 hivi, na simu itakuwa na picha 5,000. Ukifika nyumbani zicheze 25 kwa sekunde: zinachukua sekunde 200 kamili, mdomo umekaa kwa wimbo wa kawaida, na hakuna picha hata moja imetupwa wala kubuniwa.

Yule msanii alilipa balansi, lakini baada ya siku tano na baada ya kunikumbusha hiyo kwikwi mara kama kumi. Vidio ya mwisho ilikuwa na sekunde 200. Nilizihesabu mbele yake.